Jiwe la Bibi Bado Linaimba

Kaka Paulo, shikamoo.

"Nyimbo za boma la bibi zilikufa siku kaseti zilipofika," uliniandikia kutoka Dar. Umekosea, na mashahidi wangu wamejaa jikoni kwa shangazi hapa Gitting.

Jana jioni upepo wa Mlima Hanang ulitufukuza uani. Tulikula ugali kwa maziwa ya mgando, kisha tukajaribu wimbo wa kusaga kwa kupiga makofi. Ubeti wa pili ukatuponyoka. Nusura nikuamini! Shangazi akacheka: "Mnaimba mikono mitupu, watoto wa redio?" Akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia la bibi, akamwaga mtama. Akilisukuma jiwe anaimba mstari, akilivuta sisi tunaitikia. Wimbo wote ukarudi, ukiwataja ndama wa bibi, na wajukuu wake kwa majina kuanzia mdogo.

"Anna aliyelamba kibuyu cha maziwa yuko wapi?" shangazi aliimba kwa maneno ya bibi.

"Niko hapa, bibi, nasikia!" nilijibu, na jikoni vikalipuka vigelegele.

Likaja jina lako: Paulo aliyejificha zizini asiende kuteka maji. Nikafungua mdomo nikuitikie. Shangazi akasimamisha jiwe. "Wewe nyamaza. Mwenye jina ndiye anayeitika."

Basi, kaka, acha kuuwekea matanga wimbo unaokuita. Mungu akulinde, na wifi na watoto nawakumbatia. Krismasi panda basi pamoja nao, ushuke Katesh, uje uitike kwa mdomo wako.

Mdogo wako,
Anna