Jani la Tatu la Kobe

Mdogo wangu Riziki,

Nilijua Mama amekufa kabla Koko, bibi yetu, hajatuambia. Sijamwambia mtu yeyote. Koko wetu ni mzima, anakusalimia wewe uliye huko Bukavu. Risasi zimetulia wiki hii. Umeuliza kwa nini hadithi ya Kobe haikuisha.

Ulikuwa na miaka minne. Volkano ilikuwa imetutenga na nyumbani, tukalala kwa Koko, nawe kila jioni ulitaka kuvuka lava umfuate Mama. Juu ilikuwa nyeusi na ngumu, chini bado moto. Nikakulaza kwa hadithi. Kobe mdogo anataka kuvuka, bibi yake anaweka jani juu ya jiwe. Jani linatoa moshi. “Bado, Kobe!” Kesho yake, jani jingine linajikunja. Ukaitikia nami, “Bado, Kobe!”

“Na la tatu, Yaya?” ukaniuliza mimi, mkubwa wako.

“Lala kwanza.”

Asubuhi moja ulitoweka. Nilikukuta kando ya lava, umechuchumaa mbele ya jani la muhogo lililojikunja.

“Bado, Yaya,” ukasema, ukanipa mkono turudi.

Jani la tatu lingebaki kijani, Kobe angevuka, nawe ungevuka. Ng’ambo hakukuwa na mtu.

Koko anadhani siku ile alipotuambia nililia kwa kushtuka. Tafadhali, asijue.

Yaya wako