Mwezi wa Sita Wangu, wa Tisa Wake

Raina, nimejiaibisha! Nimemtajia Kalin ndoa mezani, mbele ya mama yake!!

Hesabu ya namba za bahati, ile ya kujumlisha tarakimu za kuzaliwa na za mwaka, nilipiga vizuri. Nimezaliwa tarehe 22 Machi: 2+2+3 ni 7. Mwaka 2026 unatoa 10, yaani 1, kwa hiyo mwaka wangu ni 8. Ongeza Julai: 8+7 ni 15, yaani 6. Sita, shoga! Mwezi wa nyumba na ndoa.

Mama yake, Stanka, akaweka kijiko chini, akachukua kalamu. "Mwanangu, umejihesabia peke yako?"

Kalin ni wa tarehe 6 Aprili: 6+4 ni 10, yaani 1. Ongeza 1 ya mwaka, 2. Ongeza Julai, 9.

"Tisa ni mwezi wa kufunga mambo," akasema. "Huanzi kitu."

KUFUNGA, Raina. Nilitamani ardhi inimeze.

Kalin akafuta mdomo, katulia kabisa. "Sawa, mama. Basi mwezi huu nafunga ukapera."

Mama mtu kacheka hadi machozi!

Nimejifungia chooni nakuandikia. Nimechumbiwa, au mimi ndiye niliyechumbia?