Maneno ya Chini ya Picha Yangu ya Kurudi Kazini

Jumamosi, 31 Mei 2025
Keshokutwa narudi dépôt ya dawa. Wiki kumi na nne zimekwisha: sita kabla ya kuzaa, nane baada. Mtoto nimemwita Jokébed, jina la mama yangu. Mama alifariki Februari. Ndiye angebaki naye.
Sasa atabaki na mama mdogo Bénite. Amefika jana kutoka Vuhovi na mkungu wa ndizi.
Nimekamua maziwa kwa mkono, kwenye kikombe kilichochemshwa. Nusu saa kupata nusu kikombe! Jokébed akanywa ukingoni, kidogo kidogo. Mengine shingoni.
Mama mdogo akacheka. "Yeye atazoea. Weye njo hautazoea."

Jumapili, 1 Juni
Ornella wa dépôt ameandika. Anayerudi kazini hupigwa picha kaunta, picha inawekwa Facebook na maneno chini. "Yaya, tuma maneno yako. Lakini yakuwe na furaha!" Yaya kwake ni dada mkubwa.
Nimeandika mara tatu, nikafuta mara tatu. "Nimefurahi kurudi." Ni kweli, nusu.
Edmond, mume wangu, kapiga simu toka Beni, anakofundisha. Kasema niandike Mungu ni mwema, ikwishe.
Mama alikuwa akiuza samaki wa Kyavinyonge, mimi mgongoni. Alisema harufu ya samaki ilinilaza usingizi. Hakuna picha ya siku hizo. Sikumwuliza kama alichoka.

Jumatatu, 2 Juni
Nilinyonyesha saa kumi na moja na nusu. Nikaacha vikombe viwili vimefunikwa, mahali pa baridi. Nikamwambia mama mdogo visipite masaa manne bila kunywewa. Nililia juu ya pikipiki, kofia imefunika uso.
Picha: mimi, blouse nyeupe, kaunta safi. Nilitabasamu vizuri.
Ilipofika saa nne asubuhi matiti yalikuwa mawe. Mteja mmoja alikuwa akiuliza dawa ya minyoo — maziwa yakapita kwenye blouse. Mwingine nyuma yake akageuza macho. Nikaenda chooni, nikakamua kwenye beseni, nikamwaga. Kumwaga kuliniuma kuliko matiti.
Sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha nusu saa mara mbili kwa siku. Hapa hakuna aliyewahi kuichukua. Mwaka jana Tamar, mwenzangu wa kaunta, alikuwa akiweka vitambaa ndani ya sidiria.
Ornella akanionyesha aliyoandika yeye, kwa kuwa mimi nilichelewa: "Maman courage amerudi! Hakuna kilichobadilika!" Nikamwomba asubiri. Nikakaa stoo kati ya makatoni, nikaandika kwa mkupuo mmoja:

"Leo nimerudi. Nimefurahi kuwaona, na njiani nimelia. Binti yangu ana wiki nane na jina la mama yangu, ambaye hayupo kumbeba. Leo maziwa yamelowesha blouse yangu mbele ya wateja wawili; mnisamehe, au msinisamehe, ni maziwa tu. Kuanzia kesho, saa nne na saa nane, nitatoka nusu saa kumnyonyesha. Sheria inaruhusu. Mkinikosa kaunta, ningojeeni kidogo."

Ornella kasoma. "Yaya, ni ndefu. Na ile ya maziwa, kweli?" Akasoma tena. Akaiweka.
Jioni watu wengi wamejibu. Mama mmoja: "Tutangoja, na sisi tulinyonyesha." Tamar hakuandika kitu. Alinifuata mlangoni tu. "Mie niliambiaka bateja ni jasho. Mwaka muzima, jasho!" Tukacheka mpaka akafuta macho.
Patron, papa Gamaliel, mwenye dépôt, ametuma mstari mmoja: Kesho upite bureau mbele ya saa nne.
Jokébed alimaliza kikombe kimoja. Cha pili alikitema.

Jumanne, 3 Juni
Nimetoka bureau, ofisini mwake papa Gamaliel. Naandika kwenye kaunta, haraka.
Papa Gamaliel hakukasirika. Hakucheka pia. Alisema sheria anaijua, ila angeambiwa kwanza, si kusikia kwa wateja. Kaunta itabaki na nani? Nikitoka mimi, kesho ni mwingine. Basi nifute ile mistari ya nusu saa, halafu tutaongea polepole.
Nikamwuliza kuongea polepole kutachukua wiki ngapi. Mtoto ana nane. Nimesema nitafikiri.

Saa nne kasoro dakika mbili. Mama mdogo yuko kwenye mlango wa barabarani na Jokébed. Nimesikia sauti yake — matiti yamejibu kabla yangu.
Ornella ameshika simu. "Yaya, nifute ao niache?"
Tamar ameinuka. Amevuta kiti chake mpaka mahali pangu. Anamwambia mteja wa kwanza: "Papa, ukuje huku. Ule mama anaenda kunyonyesha."
Nimesema: acha.
Nafungua kifungo cha kwanza cha blouse. Mlango wa bureau unafunguka; kifungo sikirudishi.