Kamanda Niliyemtunga

Jumatatu, 3 Februari 2003

Uji, kidonge, kikohozi. Dorika ametoka kutafuta makaa ya kupikia. Nimeandika tangu alipofunga mlango.

Nimemficha binti yangu huyu jambo. Mchezo ninaowatungia waigizaji wa parokia si wa Pasaka. Ni wa kamanda anayechoma vijiji. Bunia iko mikononi mwa watu wenye bunduki, na mchezo wa namna hii unaweza kutuua sote wawili. Lakini mapafu yangu hayataniongezea mwaka.

Jumatano, 5 Februari

Anselmi, seremala, ndiye atakayemcheza kamanda. Alisoma kurasa za kwanza akiwa ameketi kitandani kwangu.

“Papa Mwalimu, huyu anakunywa tu na kucheka. Mutu wa hivi haiko. Mimi nikimucheza vile, watoto watanizomea.”

Kweli. Nilitunga shetani wa kutishia watoto wa katekisimu. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akijiambia: leo nitatenda uovu. Nimezichana kurasa zote.

Jumamosi, 8 Februari

Naanza upya. Kwanza jeraha, nalo liwe la kweli: mama yake aliungua ndani ya nyumba, upande wa machimbo ya Kilo, na hakuna aliyeadhibiwa. Halafu upendo: wadogo zake anaowalisha. Halafu mwiko anaojivunia: hagusi mtu aliyekimbilia kanisani. Kisha maneno yake. Hasemi “kuua”. Anasema “kulinda”. Hatua zake ni ndogo. Kwanza analinda njia, kisha kisima, kisha anawawahi kwa moto wale ambao kesho huenda wakaja kushambulia. Kila hatua inafuata ile ya nyuma bila kuruka.

Anselmi alipoyasema maneno hayo, Dorika alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Sasa anajua mchezo ni wa nini. Hakunigombeza. Alisema tu, “Baba, nimemuhurumia.”

Nilifurahi. Furaha ya mtunzi ni ya kijinga.

Jumatano, 12 Februari

Naogopa. 

Jana kamanda wa kizuizi cha barabara hapa mtaani kwetu Shari aliingia ukumbini wakati wa mazoezi. Yule mwenyewe, wa kweli. Waigizaji walijua wamekufa. Alikaa, akatazama mpaka mwisho, akalia. Leo amekuja kwangu na walinzi wake.

“Muzee, weye unatujua siye. Huyu shujaa ni mimi kabisa. Siku ya Mungu mutacheza kwa kiwanja. Nitaleta vijana. Wakiona, wataingia kazi yenyewe bila kusukumwa.”

Alinishika mkono kwa heshima. Kwa mikono miwili.

Jumapili vijana wa mtaa wataandikishwa vitani kwa maneno yangu.

Alhamisi, 13 Februari

Sikulala. Kosa liko wapi? Sababu za kamanda si kosa. Nikizipunguza, nitarudi kwa yule shetani, na hakuna kijana atakayejiona ndani yake. Kosa ni kwamba katika mchezo wote tunaona kwa macho yake peke yake. Wafu wake hawana majina. Wala hakuna mahali anapoweza kuchagua. Kila mara nimemsukuma mimi.

Lazima nimfungulie mlango. Jirani aje kwake kuomba kufichwa, mwenye jina, aliyemwazima jembe, aliyecheka naye. Kumficha kusimgharimu kitu. Asiwepo anayemlazimisha. Aufunge mlango mwenyewe, kwa upole, akiamini bado kwamba analinda. Hapo mtazamaji atamwelewa na hatamsamehe.

Nimeandika onyesho hilo bila kufuta neno. Dorika ameniomba nilichome. Anselmi amelisoma, akasema atalicheza.

Jumapili, 16 Februari

Walinibeba kwenye kiti. Kiwanja kilikuwa kimejaa vijana. Mwanzoni walipiga makofi, walipiga miluzi. Jirani alipobisha mlango, kijana mmoja akapaza sauti: “Umufungulie!” Wengine wakafuata. Anselmi akaufungua mlango nusu, akamjibu jirani taratibu, kama mtu anayetoa ushauri mwema. Akafunga.

Hakuna aliyepiga makofi. Vijana waliondoka wawili wawili, na hakuna aliyeandikishwa.

Kamanda alikuja kwenye kiti changu. Nilifunga macho, nikingoja. Dorika alinishika bega. Kamanda aliinama, akaniuliza kwa sauti ndogo sana:

“Papa, nani alikuelezea mambo yangu?”

Hakungoja jibu. Aliondoka na walinzi wake.

Jumatatu, 17 Februari

Mvua. Dorika amelala, kichwa ukingoni mwa kitanda changu. Anselmi amevuka kizuizi cha barabara salama. Kifua kimetulia kidogo.

Hakuna aliyenieleza. Jirani yangu aliitwa Zakaria. Tulifundisha shule moja miaka mingi. Siku walipoingia mtaani, wenye bunduki waliniuliza kama nyumba yake ina watu. Hawakunipiga. Hawakunitishia. Ningeweza kusema imehamwa, na wangepita.

Niliwaonyesha mlango wake wa nyuma. Niliamini kwamba ninamlinda Dorika.