Chafya Iliyotupa Jina la Bekari

Mjukuu wangu Chebet,

Huku hatujambo, babu yako bado anabishana na jogoo. Unauliza wewe na mwenzako mtapataje jina la duka bila kukosana.

Mimi na dada yangu Tabitha tulipotaka kufungua bekari Eldoret, karani alisema fomu inataka jina moja na sahihi mbili. Mimi, kwa kupenda makuu, nilitaka "Malkia". Tabitha alitaka jina la nyanya yetu marehemu.

"Basi oka peke yako, Malkia!" akasema, akivua aproni.

Mama akasema tufanye kama kwa mtoto mchanga: tuite majina ya marehemu wetu mpaka apige chafya, ishara kwamba mwenye jina hilo amekuja na ndilo lake.

"Mama, mkate unapiga chafya?" nikauliza.

"Anayechekecha unga atapiga."

Nikachekecha. Unga ukaelea kwenye mwanga wa dirisha kama ukungu. Dada akayaita majina polepole, macho amefumba. Alipotamka "Tapkigen", jina la nyanya, nikapiga chafya kubwa. Akanikumbatia, akalia. Tukatia sahihi.

Ukweli ni kwamba niliuvuta unga puani makusudi. Tabitha anaamini nyanya alikuja. Usimwambie, siku hizi hata mimi sina hakika.

Nyanya yako,
Rael