Fundi Viatu Asiyekuwapo

Jumatatu, 3 Machi
Daftari hili nitalichoma. Naliandika hilo kwanza ili nisije nikajidanganya. Shangazi amenikataza kumwambia mtu yeyote. Daftari si mtu, lakini najua angesema nini.

Mpangaji wetu wa chumba cha juu si mgonjwa anayepumzika, kama Mama alivyoambiwa. Ni jasusi wa adui!

Leo nilimpelekea chai mapema, kabla ya saa yake. Alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, anagonga kidude cha shaba kwa vidole viwili. Koplo, yule askari anayekaa naye, alikuwa kando yake na karatasi, akifuatisha kila herufi kwa ncha ya penseli. Sinia halikuniponyoka. Shangazi alinishika mkono tukakaa ngazini. Alisema ajuaye nusu ni wa hatari kuliko ajuaye yote, kwa hiyo atanieleza. Na mimi niliyedhani anafanya kazi ya kupanga majalada!

Jumatano, 5 Machi
Jinsi walivyomkamata. Nimemuuliza Shangazi mara tatu ndipo akakubali kusema.

Adui alimtuma na redio ndogo ndani ya sanduku la nguo. Wasikilizaji wetu wakaanza kunasa sauti ngeni, kila siku saa ileile. Hawakuielewa, lakini waliinakili yote. Kisha magari matatu yenye antena yakasimama sehemu tatu za mji. Kila gari likapima sauti inatoka upande gani, wakachora mstari kwenye ramani. Mistari mitatu ilipokutana, wakapata mtaa. Mtaa, si nyumba! Basi siku ya pili, alipoanza kugonga, wakakata umeme nyumba moja baada ya nyingine. Walipofika ya saba, kugonga kukakoma.

Hapo mimi ningevunja mlango. Wao walimwacha siku kumi na moja, wakimfuata aendako, waone anakutana na nani. Hakukutana na mtu. Alikuwa peke yake, akiogopa. Ndipo wakamkamata.

Jumamosi, 8 Machi
Mama anashangaa mgonjwa gani huyu anayemaliza sufuria. Akamwambia Shangazi, "Wifi, ugonjwa wa mtu wako uko kwenye meno." Shangazi alicheka mpaka akatoka nje.

Nilimuuliza Shangazi kwa nini Mpangaji hayuko gerezani. Akasema ukimfunga jasusi unayemjua, adui atatuma mwingine usiyemjua. Ukimgeuza, adui anakaa ametulia, anadhani ana macho huku, kumbe macho hayo ni yetu. Mpangaji alipewa achague, akachagua. Lakini lazima agonge mwenyewe. Kila mtu ana mkono wake wa kugonga kama alivyo na mwandiko, na wale wa ng'ambo wanaujua wa kwake.

Na kuna jambo alilowaficha mwanzoni. Kila ujumbe wake ulipaswa kumalizika kwa salamu kwa mjomba. Asipotuma salamu, maana yake amekamatwa. Alidhani hawajui! Lakini kwa kitabu chake cha mafumbo walishazisoma nakala za zamani, zote zina salamu. Shangazi akamwambia tu kwa upole, "Leo umemsahau mjomba." Mpangaji akatoa jasho, akamsalimu mjomba. Tangu hapo hajajaribu tena.

Nampenda sana Shangazi. Hakupaza hata sauti.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepewa kazi! Ndogo, lakini kazi.

Mpangaji amewaambia mabwana zake kwamba amepata msaidizi, fundi viatu wa mji wa kusini, karibu na daraja. Hayupo. Hajawahi kuzaliwa. Ana jalada nene kuliko langu la shule, maana uongo usipoandikwa husahaulika, na adui hasahau. Shangazi anataka fundi asikike kama mtu. Nimempa goti bovu na mke anayemsema. Nilipoandika anavyolalamika, Shangazi akasoma, akaniambia, "Mwanangu, fundi viatu hasemi 'hivyo basi'." Koplo alicheka. Nimefuta.

Habari nyingi wanazotuma ni za kweli! Ndogondogo, zisizodhuru, na kila moja imeruhusiwa na kamati ya wakubwa. Kuna na kubwa za kweli, ila hizo hufika zimechelewa saa chache, hazimfai tena mtu. Hivyo ndivyo imani inavyojengwa. Uongo mmoja mkubwa unakuja mwishoni, tena hausemwi wote. Fundi hatasema jeshi letu litavukia mto kule kusini. Atasema tu viatu vya askari vimekuwa vingi dukani, vina tope jekundu, na vikosi ni vigeni. "Usimpe adui nguo," Shangazi alisema. "Mpe vitambaa, ashone mwenyewe. Aliyoishona mwenyewe haivui."

Jumatano, 12 Machi
Barua ya Kaka kutoka jeshini. Mistari minne. Yuko salama, wanapewa soksi mpya, tusiwe na wasiwasi. Mama ameisoma mara nyingi, kisha akaiweka chini ya mto wake.

Nilimuuliza Shangazi moja kwa moja kama Kaka atakuwa miongoni mwa watakaovuka. Alifunga jalada la fundi. Kisha: "Sikwambii wapi wala lini. Wakiamini ni kusini, watapeleka askari wao kusini. Kaka yako atakuta wachache." Ni mtoto wa kaka yake. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye jambo hili linamgusa.

Ijumaa, 14 Machi
Leo nusura yote yaharibike.

Shangazi alinisomea ujumbe wa leo nimsikilize fundi. Alhamisi fundi alipanda basi mpaka darajani, akahesabu malori arobaini. Ulisikika vizuri. Lakini nikakumbuka. Jirani yangu wa dawati hajaja shule tangu Jumatano. Baba yake ni dereva wa basi la kusini, ndilo humleta, na darasani walisema barabara hiyo imefunikwa na maji. Hakuna basi lililopita!

Nilisema polepole, nikiogopa kuonekana mjuaji. Shangazi akaweka karatasi chini. Magazeti yetu humfikia adui kupitia nchi zisizopigana, na mafuriko yatakuwa ndani. Basi moja tu la uongo, na fundi angekufa, na Mpangaji, na yote. Zilibaki dakika ishirini kabla ya saa ya kutuma.

Hakunikemea wala kunisifu. Alipiga simu, akapata ruhusa, akaandika upya. Fundi amekwama njiani, amelowa, ana homa, amelaza goti lake kwa shemeji. Amesikia malori arobaini yamepanga foleni yakisubiri maji yapungue. Ni bora kuliko mwanzo! Mpangaji alisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyu fundi," alisema, "mimi mwenyewe ningemwamini." Akagonga. Akamsalimu mjomba.

Kisha Shangazi akanimiminia chai yeye mwenyewe. Nadhani hiyo ndiyo sifa.

Jumapili, 16 Machi
Jibu limekuja saa kumi na robo jioni. Shangazi anasema maswali ya adui ni dirisha. Anachouliza ndicho asichokijua, na namna anavyouliza inaonyesha anachokiamini. Koplo aliandika, Shangazi akafumbua, mimi nikishika taa ya meza.

Wanampa fundi pole ya homa. Akipona, ahesabu malori tena. Na mashua za kuvukia zilizoletwa darajani, ni ngapi?

Shangazi alisoma mara mbili. Akakaa kitandani kwa Mpangaji.

"Mashua," akasema, "sisi hatukuzitaja."

Hakuna aliyeshangilia. Koplo alikunja karatasi kwa uangalifu sana. Mpangaji alifunika uso, sijui kwa furaha au kwa aibu, na sikumuuliza.

Wameshona wenyewe. Lakini je, askari wao watahamia kusini? Wote? Kwa wakati?

Kibiriti kiko hapa mezani. Nilitaka kuchoma leo. Mama ananiita chini, anamwandikia Kaka, ameniachia mstari mmoja mwishoni. Shangazi amesimama mlangoni ananitazama. Nimeitikia kwamba nakuja. Nitaandika jambo dogo, la kweli, lisilodhuru—kwamba huku maji yanapungua, na kwamba Shangazi anamsalimu. Kisha nitakichukua kibiriti.