Kastabini Uliyoifumbata

Kaka yangu mpendwa,

Barua hii ikukute umekaa, maana nakujua: barua zangu unazisomea mlangoni, umesimama, huku chai inapoa na wifi analalamika. Kaa kwanza. Goti lako vipi, limekubali dawa au bado linakutabiria mvua? Wifi hajambo? Mwambie vitunguu vyake vilifika vizima, na kikapu sirudishi. Sisi huku wazima. Mjukuu wangu ameota meno ya mbele na anatafuna kila anachokiona, hata pembe ya ile meza ya baba ya kukatia vitambaa. Nikimkemea ananicheka. Nadhani amerithi kwako.

Nakuandikia kwa ajili ya kile kitabu changu cha baba. Ulipokisoma ulinijibu kwa maneno machache kama kawaida yako: kwamba ni kizuri, kwamba nimekosea jina la yule mbwa, na kwamba sura ya mwisho niiache ilivyo. Nilifurahi. Kumbe ndiyo iliyonitesa miezi yote hii.

Sura yenyewe unaijua kuliko mtu yeyote. Alfajiri ile baba anaondoka kwenda kupasuliwa hospitali ya mbali, lori la magodoro linanguruma nje, mama yumo ndani ya lori na mabunda yake. Baba anaingia chumbani kwetu, nyuzi za sufi zimemganda nyweleni, anainama kitandani kwangu, ananivika kidoleni kastabini yake, ile ya shaba aliyosukumia sindano kubwa ya magodoro, na kuniambia nimshikie mpaka arudi. Kisha haonekani tena. Nimeisimulia habari hiyo kwenye harusi, misibani, hata kwa watu niliokutana nao kwenye foleni ya benki. Wote hulia. Mimi mwenyewe hulia, na nikimaliza kulia najisikia mtoto aliyeagwa.

Mhariri wangu halii. Ni mama mmoja mkavu kama ubao, miwani imemning'inia kwa uzi, na penseli yake haina huruma. Kwanza aliyakata maneno yote niliyomtia baba mdomoni. Aliuliza nimewezaje kukumbuka sentensi saba za mtu aliyezungumza miaka hamsini na kitu iliyopita, nami ya juzi siyakumbuki. Nikasema ndivyo alivyokuwa akizungumza. Akasema basi niandike hivyohivyo, kwamba ndivyo alivyokuwa akizungumza, na alama za kunukuu niziweke kabatini. Akanifundisha kutenganisha: ninachokumbuka mwenyewe niseme nakumbuka, nilichoambiwa niseme nani kaniambia, ninachokisia niseme nakisia, na palipo na shimo niliache shimo lionekane, nisilifukie kwa maneno mazuri. Nilinuna, kaka. Unanijua nikinuna. Lakini nilipoisoma tena karakana ya baba bila yale maneno ya kubuni, nilimwona vizuri zaidi: anavyolainisha uzi kwa nta, anavyopiga chafya akifungua gunia la sufi, anavyopima godoro kwa kulilalia na kujifanya amelala fofofo mpaka tumrukie. Hayo nayakumbuka kweli. Wewe nawe umewahi kuyataja mezani bila mimi kukuuliza.

Tulipofika sura ya mwisho aliniambia nifumbe macho nimweleze ninakitazama chumba kutoka wapi. Nikafumba. Nikamwona baba kwa nyuma, ameinama. Nikamwona mtoto kitandani, nywele zimesukwa, kidole kimevikwa shaba. Nikafumbua macho. Kama mtoto ni mimi, aliyesimama mlangoni akinitazama ni nani? Mhariri akaniambia nisitaharuki, kwamba hilo pekee si ushahidi, hata kumbukumbu ya kweli ikisimuliwa mara nyingi mtu huanza kujiona kwa nje. Ila ni sababu tosha ya kwenda kuuliza.

Basi nikafunga safari kwa shangazi. Nilikuwa nimeonywa: nisimuulize kama baba aliniaga, maana mtu anayekupenda ukimwonyesha jibu unalolitaka atakupa. Nikamwambia tu anisimulie wiki ile baba alipoondoka, aanzie anapopenda. Shangazi unamjua, alianzia bei ya sukari. Nikavumilia. Akasema mapazia ya bluu ya chumbani kwetu, yale niliyoyaandika yakipepea alfajiri hiyo, mama aliyashona baada ya msiba, kwa kitambaa ambacho baba aliagiza na hakuwahi kukiona. Sikuvunjika moyo. Pazia linaweza kujichomeka katika kumbukumbu ya kweli, kama kiraka kipya kwenye godoro la zamani. Lakini shangazi aliendelea, tena bila kujua anachonifanyia. Alisema wiki hiyo ndiyo nilipougua surua, nikahamishiwa kwa jirani yule aliyekuwa akiwapigia watu nguo pasi, Mama Pasi, kwa kuwa daktari hakutaka baba aende kupasuliwa akiwa amekaa na mgonjwa. Akasema mtoto aliyekuwepo nyumbani ni wewe peke yako.

Nilirudi nikiwa na hasira naye, mzee wa watu, kana kwamba ameniibia. Nikajiambia amechanganya, uzee huo. Lakini mtu mmoja akichanganya huziulizi kelele za moyo wako, unamtafuta mtu wa pili. Mama hayupo. Nikamtafuta Mama Pasi.

Yu hai, kaka! Haoni vizuri, lakini sauti ni ileile ya kufukuza kuku. Anakaa na binti yake, na nyumba ya zamani ilishabomolewa, kwa hiyo sikuwa na ukuta wala dari ya kuikagua. Kuna kitu sijawahi kukuambia kwa sababu niliona ni upuuzi: tangu utotoni nina kumbukumbu moja isiyo na kwao. Nimelala gizani, macho yananiuma, kuna harufu ya nguo zenye joto, na darini pana doa la maji lenye umbo la kiatu. Haikuwa dari yetu, yetu ilikuwa mabati matupu. Sikuwahi kujua doa hilo niliweke wapi, nikalitupa nje ya kitabu. Kwa Mama Pasi sikulitaja. Nilimwomba anisimulie tu kama aliwahi kumuuguza mtoto wa fundi magodoro. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema atakisahauje kile kichiriku, kilichoshinda siku nzima kinaongea na kiatu cha darini, kikikiuliza mwenziwe yuko wapi.

Nililia pale pale, naye akadhani amenikosea. Nikamuuliza kama baba alifika kuniaga. Hapo nilivunja kanuni ya mhariri, nikauliza nikiwa na jibu usoni. Akasema hakumbuki. Kisha akanipapasa shavu, akalikuta limelowa, akasema labda alipita dirishani. Ah, kaka, nilivyolitaka dirisha hilo! Njiani kurudi nilishaanza kulijenga: nondo zake, kivuli cha baba, kikohozi chake. Nilipofika nyumbani nilishaanza kuliona. Ndipo nikaogopa kweli, maana nilijionea kwa macho yangu jinsi kitu kisichokuwepo kinavyopata harufu na rangi ndani ya safari moja ya basi. Kumbukumbu yake ilikuwa ile ya kwanza, kwamba hakumbuki. Lile neno labda lilikuwa huruma yake tu. Sikuiandika.

Nikarudi kwa shangazi kumwomba radhi ya moyoni, ambayo hakuijua, na kumuuliza jambo moja tu: wewe ulifanya nini siku hiyo. Akasema ulimuudhi. Lori lilipoondoka ulibaki barazani umekunja ngumi ya kulia. Ukala kwa mkono wa kushoto, akakukaripia. Ukalala umekunja ngumi. Alijaribu kuifungua ukamng'ata. Mpaka leo anaamini ulikuwa mkaidi tu.

Sasa nisikilize. Ninachokumbuka ni hiki, na hiki ni changu: baada ya msiba nilirudishwa nyumbani, nikagoma kula, nikilia kwamba baba ameondoka bila kuniaga. Wewe ulikaa ukingoni mwa kitanda. Ukaniambia aliniaga, ni homa ya surua tu iliyonisahaulisha. Ukanivika kitu cha baridi kidoleni. Ukanisimulia alivyoingia, alivyoinama, alivyosema, na kesho yake nikataka tena, ukasimulia tena, na tena, mpaka nikawa nakusahihisha. Yaliyobaki nakisia. Nakisia kuwa mlangoni hakuna aliyesimama, ni mimi niliyekuwa nakitazama chumba ulichonichorea. Nakisia kuwa mtoto wa kitandani alikuwa wewe. Baba alikupa wewe kastabini. Kuaga kwake alikuaga wewe, na wewe, mtoto wa miaka kumi, ukanipa mimi vyote viwili, ukabaki mikono mitupu. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nimeisafiria yako maisha yangu yote, nayo haikuniacha porini hata siku moja.

Kukosa kuagwa kumeniuma, sikufichi. Nimeuomboleza upya msiba wa zamani. Lakini mapenzi yako yameniuma zaidi, kwa sababu nimekusimulia habari yako mwenyewe mezani kwako kila mwaka, nawe ukaniongezea chai.

Ombi langu ni hili. Niandikie alfajiri ile ulivyoiona wewe, hasa maneno ya baba, maana yale niliyonayo siwezi tena kuyaamini, na mengine najua niliyanakshi mimi. Usiisome tena sura yangu kwanza. Usimpigie shangazi simu. Andika kabla hujasikia la mtu. Mkipishana wewe na yeye nitayaweka yote mawili kitabuni na kusema mmepishana. Na huenda kwa kuisimulia miaka yote kuwa yangu, nawe umeipoteza. Huenda ukifumba macho unaniona mimi kitandani. Basi andika hivyo, kwamba umesahau, nami nitaacha ukurasa na shimo lake. Na kama nimekosea mimi, nikosoe. Usinihurumie tu. Ulishanihurumia vya kutosha.

Msalimie wifi, wasalimie watoto, na huyo paka mwizi pia. Goti ulipake dawa kila siku, si siku za kuja wageni tu. Mjukuu wangu anakusalimu kwa meno yake yote.

Ndani ya kifurushi utakuta pamba ya sufi kidogo, niliichomoa kwenye mto wa zamani wa mama. Ifungue taratibu. Kilichomo nilikishika mpaka hapa, na aliyeambiwa ashike ni wewe. Hakikuenei tena, vidole vyako vimekuwa vinene kama vya baba. Kifumbate tu.

Ni mimi mdogo wako niliyeagwa na wewe,

Chiriku